Aya ya Tatu ya Utangulizi

Kiwanda cha kuchambua pamba cha Bariadi kilipouzwa na chama cha ushirika kwa kampuni binafsi, mimi nilikuwa miongoni mwa mali zilizohamishwa. Nasema mali kwa sababu ndivyo tulivyoorodheshwa: mashine, mizani, matanki, maghala mawili, na watumishi. Nilikuwa karani wa utumishi, binti kutoka Dutwa mwenye cheti cha kidato cha nne na taipureta iliyokuwa inakwama herufi ya r. Wenzangu wengi walipunguzwa kazi mwezi ule ule. Mimi nilibakizwa kwa sababu moja tu, nayo si uhodari. Meneja mpya alitoka Dar es Salaam, hakujua Kisukuma hata salamu, na wafanyakazi wengi wa msimu, hasa akina mama waliochagua pamba chafu, Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji.

Siku ya tatu meneja aliniita akanipa faili jembamba. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha mwongozo wa mfanyakazi kilichotumika katika viwanda vyao vingine, chote kwa Kiingereza. Akaniambia taratibu za ndani atazitafsiri mwanasheria wao, lakini utangulizi anautaka uandikwe na mtu wa hapa, maana utangulizi ndiyo sura ya kampuni. Watu wametoka kwenye ushirika, alisema, wanatuogopa, wanadhani tumekuja kuwachinja. Utangulizi uwatulize, uwaeleze kitabu ni kitu gani, na uwaambie waulize wasipoelewa.

Kichwa changu kilivimba. Sikuwahi kuombwa kuandika kitu zaidi ya barua za likizo na orodha ya magunia. Nilikaa na ule ukurasa mmoja na nusu siku nne, nikifuta na kuandika upya, nikimsomea mama yangu nyumbani, naye akinisikiliza huku anachambua mchicha. Utangulizi ulikuwa na aya nne. Ya kwanza ilimkaribisha mfanyakazi. Ya pili ilieleza kwamba ndani ya kitabu atakuta taratibu za saa za kazi, likizo, ugonjwa, misiba, usalama na nidhamu. Ya nne iliwaalika watu waulize maswali. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na meno, na hiyo niliitafsiri neno kwa neno kwa sababu meneja alisema imepita kwa mwanasheria na isiguswe:

"Kitabu hiki ni mwongozo tu. Si sehemu ya mkataba wako wa ajira. Kampuni inaweza kubadili, kuongeza au kufuta utaratibu wowote uliomo, na mabadiliko yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Pale ambapo kitabu kinapingana na sheria za nchi, sheria ndizo zitakazofuatwa. Ni wajibu wa kila mfanyakazi kujua utaratibu unaotumika sasa."

Aya ya nne niliipamba mwenyewe. Kiingereza kilisema tu kwamba maswali yapelekwe ofisi ya utumishi. Mimi nikaandika: "Usisite kuuliza. Mlango wa ofisi ya utumishi uko wazi, na hakuna atakayedhurika kwa sababu ameuliza." Meneja alisoma, akatabasamu, akasema hapo nimemkuna. Akatia saini chini ya jina la cheo chake. Nilirudi mezani kwangu nikiwa najiona mwandishi wa vitabu.

Tulikata stensili, tukachapa nakala, tukazibana pini. Sasa ikaja kazi ya kuwasomea wasiojua kusoma, maana kila mfanyakazi alitakiwa atie saini au dole gumba kwenye karatasi ya kukiri: nimepokea kitabu, nimekisoma au nimesomewa, nimeelewa. Meneja alisimamisha mashine saa moja asubuhi, watu wakakusanyika uani kati ya ghala na mizani, nami nikapandishwa juu ya robota moja la pamba ili nionekane.

Lazima nieleze jinsi watu wetu wanavyosikiliza. Ukisimama mbele ya Wasukuma ukawasalimia vizuri, hawakai kimya kama wako kanisani. Wanakuitikia. Kila sentensi wanaipokea, akina mama wanapiga vigelegele pale panapowapendeza, mzee mmoja anasema ndiyo kwa niaba ya wote. Msemaji naye anapanda. Niliwasalimia, wakaitikia uwanja mzima. Nikaisoma aya ya kwanza kwa Kisukuma, nikaona haina chumvi, nikaiongezea. Nikasema kampuni inawakaribisha kama mtu anavyokaribisha wageni wake nyumbani. Vigelegele. Nikaingia aya ya pili, nikawatajia likizo na siku za ugonjwa na siku saba za msiba ukifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto, na kila nililotaja waliitikia kana kwamba ninawagawia kwa mkono wangu.

Mbele kabisa alisimama fundi wa rola. Huyu alikuwa mzee wa Shishiyu, aliyefanya kazi pale miaka ishirini na sita. Mashine zetu zilichambua pamba kwa rola zilizovikwa ngozi, na ngozi ikilainika haishiki nyuzi tena, lazima ichanwe mifereji upya kwa vipimo. Kazi hiyo aliielewa yeye peke yake. Hakujua kusoma. Alinijua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, mama akimletea baba yangu chakula langoni, na asubuhi ile alikuwa ananitazama kwa furaha ambayo baba yangu mwenyewe hakuwahi kunionyesha. Kila nikimaliza sentensi aliwageukia wenzake, kama anayesema mnamwona huyu, huyu ni wa kwetu.

Nikaifikia aya ya tatu.

Niliitazama. Nikafikiria namna ya kuisema kwa Kisukuma. Umemkaribisha mgeni, umemtandikia, umemwekea chakula, halafu unamwambia chakula hiki si chako na naweza kukiondoa wakati wowote bila kukuambia, kazi yako ni kuangalia sahani. Kwa lugha ya barua ilikuwa inasemeka. Kwa lugha ya mama yangu ilikuwa matusi. Meneja alisimama pembeni na mikono nyuma, akitabasamu kwa maneno asiyoyajua. Vigelegele vilikuwa bado vinaning'inia hewani. Nami, tuseme ukweli, nilipenda vile vigelegele. Nikairuka. Nikaenda moja kwa moja kwenye aya ya nne, ile yangu, nikawaambia waulize na hakuna atakayedhurika, na uwanja ukalipuka.

Nilijiambia nitawaeleza baadaye, mmoja mmoja, wakija kutia dole gumba. Walikuja kwa mstari, mikono ina vumbi la pamba, na kila mmoja alinishukuru. Niliwashika vidole, nikavigandamiza kwenye wino, nikavigandamiza kwenye karatasi. Sikumweleza hata mmoja. Ilipofika saa tatu mashine zilikuwa zinanguruma tena na mimi nilikuwa nimekwisha kujisamehe.

Msimu uliofuata pamba ilikuja nyingi. Ushindani ulikuwa mkali, wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa kila kijiji, na mkubwa wa kampuni alitaka marobota yatoke kabla ya wengine. Siku moja meneja akanipa waraka mfupi wa kupiga chapa: kuanzia tarehe ya waraka, na kwa kipindi chote cha msimu, siku za msiba zitakuwa mbili badala ya saba. Niliupiga kwa Kiswahili na Kiingereza, nikaubandika kwenye ubao wa matangazo nje ya chumba cha mtunza saa. Ubao ule ulikuwa na matangazo ya mwaka juzi. Wasiojua kusoma waliupita kama wanavyoupita ukuta. Wanaojua kusoma walisoma, wakaguna, wakaenda zao. Fundi wa rola aliupita kila asubuhi akiniamkia dirishani kwangu, "Mwangaluka, ng'wanawane," habari za asubuhi mwanangu, nami nikimwitikia.

Kama wiki mbili baadaye ilimjia habari kwamba mama yake amefariki Shishiyu. Alikuja ofisini na kofia mkononi. Meneja alikuwa Mwanza. Mzee akaniambia anakwenda kumzika mama yake, yeye ndiye mtoto mkubwa wa kiume, na kwamba anajua ana siku zake saba, alizisikia kwa masikio yake mwenyewe. Nilimpa pole. Niliandika jina lake kwenye daftari la ruhusa, nikaandika msiba. Pale penye safu ya siku ngapi sikuandika kitu.

Watu wameniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza zaidi yao. Sikuwa nimeusahau waraka, niliupiga kwa vidole vyangu. Lakini kumwambia siku mbili kungenilazimu kumweleza kwamba kitabu kinabadilika, na kumweleza hivyo kungenilazimu kueleza kwa nini hajui, na mtu yuko mbele yangu mama yake amelala hajazikwa. Nikaona haya. Haya yangu tu. Nikamwacha aende na siku zangu saba za uongo, akaondoka na basi la Maswa.

Meneja alirudi kesho yake. Siku ya tatu rola ya mashine mbili ilikuwa imelainika, pamba inapita bila kuchambuliwa, na aliyejua kuchana ngozi hayupo. Meneja akauliza yuko wapi, nikasema msibani. Akauliza ana siku ngapi, nikasema kwa mujibu wa waraka mbili. Nilitamka hivyo kwa sauti ya kiofisi kabisa. Mashine mbili zilisimama hadi fundi mwingine alipoazimwa kutoka mbali, naye aliziharibu ngozi zote. Mzee alirudi asubuhi ya siku ya nane, kichwa kimenyolewa, akaenda moja kwa moja kwenye rola zake. Walimtoa pale pale.

Kikao kilifanyika ofisini kwa meneja. Tulikuwa wanne: meneja, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, mzee, na mimi na kalamu ya kuandika mwenendo. Shitaka lilikuwa utoro wa siku tano mfululizo bila ruhusa, ambao ulitosha kumfukuzisha mtu kazi. Sitaki kumfanya meneja awe shetani, maana hakuwa. Alikuwa mtu aliyebanwa na mkubwa wake, na alitaka jambo liende kwa utaratibu. Alimuuliza mzee ana la kujitetea.

Mzee alitoa kitabu mfukoni. Alikuwa amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Akakiweka mezani kwa mikono miwili, akasema kwamba alifuata kitabu cha kampuni, kinasema siku saba, na kama kuna makosa basi naye ana swali, kwa kuwa alikaribishwa aulize. Akauliza kwa Kiswahili chake kizito, polepole: "Maneno ya humu ndani, ni ya kweli au si ya kweli?"

Meneja alifungua ukurasa wa kwanza. Alimsomea aya ya tatu yote, kwa sauti ya kawaida, bila hasira. Kitabu ni mwongozo tu. Si sehemu ya mkataba. Mabadiliko yatabandikwa. Ni wajibu wa kila mfanyakazi. Mzee alisikiliza akiwa amekunja uso, kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine. Alipomaliza akasema hayo hakuyasikia. Akasema siku ile uani alisimama mbele kabisa, alisikia yote, na hayo hayakuwamo.

Hapo mwenyekiti wa tawi akainua kichwa. Alikuwa mtu wa Bariadi, Msukuma kama sisi, na siku ile uani alisimama hatua tatu kutoka kwangu. Akasema, kwa haki ya mfanyakazi, kama aya haikusomwa na mhusika hajui kusoma, basi dole gumba lake ni la bure, na afisa kazi wa Shinyanga hatapitisha kufukuzwa huku. Alisema kweli. Hata meneja alijua kwamba ni kweli, maana aliweka kalamu chini. Neno langu moja lingemrudisha mzee kwenye rola zake siku hiyo hiyo, na kwenye chumba cha kiwanda alimoishi na mkewe tangu walipooana.

Meneja akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesoma. Ulisoma utangulizi wote?"

Nilimtazama mwenyekiti, naye akatazama kucha zake. Alijua. Alikuwa amefika mwisho wa ujasiri wake, na sasa ilikuwa zamu ya wangu. Niliona mbele yangu barua yangu mwenyewe ya kufukuzwa, nikaona herufi ya r inavyokwama ninapoipiga. Nikamwona mama na mchicha wake.

"Nilisoma wote," nikasema.

Mzee akanigeukia taratibu. Nilitegemea anikane, anitukane, ainuke anipige hata kofi, na Mungu anajua ningelipokea. Alinitazama tu. Halafu akamgeukia meneja, akazungumza kwa upole uleule aliokuja nao.

"Basi kama binti anasema alisoma, alisoma. Mimi nimekaa na mashine miaka mingi. Masikio yangu hayako sawa."

Nilichukia kwa namna ambayo sijui kuieleza hadi leo. Nilimchukia yeye, si mwenyekiti, si meneja. Kwa nini anitetee? Nani alimwomba? Kisha akaongeza, kama anayezungumza na meza, kwamba angejua ni siku mbili angezika na kurudi, mama yake angemwelewa, alikuwa mkulima, alijua kazi ni nini. Niliandika maneno hayo kwenye mwenendo wa kikao. Niliyaandika vizuri, kwa mwandiko unaosomeka.

Barua yake niliipiga mimi. Ilimweleza haki yake ya kukata rufaa, na alipokuja kuipokea nilimwambia rufaa inapelekwa wapi na kwa siku ngapi. Akauliza akifika kwa afisa kazi ataulizwa nini. Nikasema ataulizwa kama alisomewa. Akatikisa kichwa, akasema hapana, hatakwenda Shinyanga kubishana na mtoto wa rafiki yake. Alitoka kwenye chumba cha kiwanda kabla mwezi haujaisha. Nilisikia kwamba anamlimia mdogo wake Shishiyu, na kwamba mkewe haniombei mema, jambo ambalo lilinipa nafuu kidogo.

Meneja alikuwa mtu wa utaratibu, nimeshasema. Kikao kile kilimsumbua. Akaniambia tusije tukaingia tena kwenye ubishi wa nani alisikia nini, kwa hiyo kitabu kisomwe upya kwa wote, na safari hii ile karatasi ya kukiri iwe na mstari wa pekee kwa ajili ya aya ya tatu, kila mmoja atie dole gumba mara mbili. Akanipongeza pia. Alisema kama nisingekuwa makini siku ya kwanza, kampuni ingeaibika kwa afisa kazi.

Mashine zikasimamishwa tena. Nikapanda tena juu ya robota. Niliwasalimia, nao wakaitikia, lakini kwa chini, kama watu walioamka sasa hivi. Nilisoma aya ya kwanza bila chumvi. Nilisoma ya pili. Niliposoma ya tatu niliisoma yote kwa Kisukuma, kila neno, mwongozo tu, si mkataba, itabadilishwa, angalieni ubaoni, ni wajibu wenu. Ilikuwa chafu kama nilivyoiogopa. Hakuna aliyeguna. Kwenye nafasi ya mbele kabisa hakusimama mtu. Nikamaliza na ya nne, ile niliyoipamba, nikawaalika waulize.

Meneja alisogea mbele, akasema kwa Kiswahili kwamba amefurahi, na kwamba kweli kabisa, mwenye swali aulize, asiogope.

Mama mmoja kati ya wachagua pamba, mtu mzima, mtoto mgongoni, akaniita kwa cheo cha heshima ambacho hakikunistahili, akauliza kwa Kisukuma. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa:

"Na ile mara ya kwanza, ulitusomea nini?"

Uwanja mzima ulinitazama. Mwenyekiti wa tawi alikuwa pale. Mtunza saa alikuwa pale. Watu mia na zaidi waliosikia mara ya kwanza na waliosikia sasa, na wote walijua jibu kabla yangu.

Meneja akanisogelea, uso wake umechangamka. Hatimaye mtu alikuwa ameuliza swali. Akataka kujua mama anasema nini.

"Anashukuru," nikamwambia.

Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti, na wengi mle uani walikijua Kiswahili. Hakuna aliyenisahihisha. Meneja akapiga makofi mara mbili, akaniambia nimjibu mama kwamba karibu sana, na mlango uko wazi. Yule mama alikuwa bado ananitazama, akisubiri.

Nikafunua karatasi ya kukiri, nikafungua kibweta cha wino, nikawaambia wapange mstari.